Siku moja ya mazungumzo ya dini kwa wanafunzi wa ualimu, Maskati: mpango, mazoezi na masharti yake



Ndugu zangu, nimeulizwa mara kadhaa ile semina ya siku moja ninayoiendesha hapa Maskati kwa wanafunzi wa ualimu inakwendaje khasa, watu wa madhehebu na dini mbalimbali wanakaa vipi chumba kimoja toka asubuhi mpaka alasiri bila ya kugombana na bila ya kudanganyana. Swali la pili ndilo gumu. Kugombana watu wa hapa hawagombani, tuna adabu nyingi mno. Kudanganyana ndo ugonjwa wetu: kila mtu anasema dini zote zinafundisha amani, tunakula, tunapiga picha, tunakwenda zetu. Kesho yake mtoto anamuuliza mwalimu swali moja darasani na mwalimu anababaika.

Nitoe mfano wa swali lenyewe. Tarehe 15 Julai 2024, katika siku za Ashura, watu watatu waliwafyatulia risasi waumini kwenye msikiti wa Imam Ali, Wadi Kabir, hapa hapa Maskati. Waliuawa watu sita, akiwemo askari polisi mmoja, na washambuliaji wote watatu, ndugu wa Kiomani, nao wakauawa. Kundi la Daesh likadai ni kazi yake. Jambo la aina hii lilikuwa halijulikani katika nchi hii, ambapo Ibadhi, Sunni na Shia husali katika msikiti mmoja na hakuna anayegeuza shingo kutazama nani kafunga mikono na nani kaiachia. Skuli wakati ule zilikuwa likizo. Zilipofunguliwa, mwalimu mwanafunzi mmoja aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha aliniambia mtoto wa darasa la nne kamuuliza: "Mwalimu, wale waliokuwa wakisali mle ndani walikuwa Waislamu wa kweli?" Na darasani, safu ya pili, alikuwepo mtoto wa Kishia.

Semina yangu yote imejengwa juu ya dakika ile moja. Haikusudii kumfanya mwalimu awe mwanachuoni wa dini za watu, siku moja haitoshi hata kwa dini yake mwenyewe. Inakusudia awe na la kusema pale, lisilo la uongo na lisilomuumiza mtoto wa safu ya pili.

Kabla ya siku yenyewe

Kwanza kibali. Hapa Oman mkusanyiko wa kuzungumzia dini haufanywi nyumbani kwa mtu. Semina ifanyike ndani ya chuo wanachosoma, kwa barua ya chuo, na mkuu wa idara auone mpango mzima pamoja na karatasi zote zitakazosomwa. Sheria ya Jinai ya 2018 inaadhibu kwa kifungo kutusi dini na kuchochea ugomvi wa kimadhehebu, na kuwalingania Waislamu kuingia dini nyingine hakuruhusiwi. Wasio Waislamu wana uhuru wa kuabudu, lakini katika sehemu zilizokubaliwa na serikali: makanisa ya Ruwi na Ghala, mahekalu ya Kihindu ya Maskati ya zamani na Darsait. Ninayasema haya kwa sababu wenzetu wa Ulaya wanakuja na vitabu vyao vya mafunzo vinavyosema "kila mtu aseme lolote alilo nalo moyoni." Hapa hapana. Na mimi kwa rai yangu sioni kama ni hasara kubwa, kwani mwalimu naye darasani hasemi lolote alilo nalo moyoni.

Pili, siku. Toka 2013 mapumziko ya wiki hapa ni Ijumaa na Jumamosi, na makanisa ya Maskati yamezoea kufanya ibada yao kubwa Ijumaa, kwa kuwa Jumapili watu wako kazini. Kwa hiyo Ijumaa imekufa kwa pande zote mbili. Jumamosi inafaa, lakini uulize kwanza: kuna Wakenya wa Kisii katika walimu wetu na wengi wao ni Wasabato. Nikipata Msabato nahamia siku ya katikati ya wiki.

Tatu, idadi. Mimi huchukua watu 18, makundi matatu ya watu sita. Nachanganya Waomani wenye asili ya Zanzibar, ambao wengi wao ni Ibadhi na Sunni, na Mashia kama Walawatia wa Matrah, na Wakristo wa Kenya, Uganda na Tanzania bara, na Wahindu waliokulia Dar au Unguja. Lugha ni Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza vinaruka mle mle. Sharti langu moja silivunji: hakuna dini wala madhehebu yenye mtu mmoja peke yake. Mhindu akiwa mmoja kati ya 18, siku nzima atakuwa balozi. Ataulizwa ng'ombe, ataulizwa masanamu, ataulizwa kuchoma maiti, na jioni atarudi nyumbani kachoka na hakujifunza kitu. Wakiwa wawili, mmoja atasema "sisi hatufanyi hivyo" na mwenzake atamwambia "nyinyi wa Gujarati ndo hamfanyi," na hapo watu wote wanaona kwa macho yao kwamba Uhindu si kitu kimoja. Nikikosa wa pili, naahirisha.

Nne, chakula, na hapa sina mchezo. Nyama isiwepo kabisa, wala mayai. Wali wa nazi, kunde, mchicha, kachumbari, halua na kahawa. Kila mtu anakula sahani moja na mwenzake, na hapana meza ya "wale wasiokula." Niliwahi kuona semina ambayo Wahindu wawili walitengewa kimeza pembeni kwa nia njema kabisa, na mazungumzo ya mchana hayakurudi tena kama ya asubuhi.

Saa mbili asubuhi: karatasi ya swali

Watu wanafika saa mbili, kahawa na tende. Kabla ya kujuana majina kila mmoja anapewa karatasi ndogo na kuandika swali moja la dini ambalo angechukia kuulizwa na mwanafunzi mbele ya darasa. Hapana jina. Namba tu pembeni, anayoijua mwenyewe. Karatasi naziweka ndani ya bahasha, na tutazirudia mwisho wa siku. Swali la Wadi Kabir niliwahi kulikuta ndani ya bahasha hizi zaidi ya mara moja, kwa maneno tofauti. Mengine hurudi kila mara: mwalimu asiye Mwislamu ataingia motoni? Kwa nini Wakristo wanasema Mungu ana mtoto? Banyani anaabudu jiwe kweli?

Masharti

Saa mbili na nusu mpaka saa tatu na robo tunakubaliana masharti. Watu wengi huyasoma haraka haraka kama matangazo ya ndegeni. Mimi nayatolea dakika 45 kwa sababu kila sharti linahitaji kujaribiwa hapo hapo kwa mfano.

La kwanza, hapana da'wa na hapana kuhubiri. Hili Waislamu wa hapa wanalisikiliza kwa masikio mawili na wana sababu. Mmisionari wa Kimarekani Peter Zwemer aliweka kituo Maskati mwaka 1893, na miaka mitatu baadaye alipewa watoto 18 wa Kiafrika waliookolewa na Waingereza majahazini katika biashara ya utumwa, akawafungulia skuli. Watoto wa kwetu wale. Kazi ile ilipita katika hospitali na skuli kwa miongo mingi, na mrithi wake wa leo ni kituo cha Al Amana hapa Maskati, ambacho kazi yake ni mazungumzo ya dini. Lakini mtu akisikia "mazungumzo ya dini" bado anajiuliza nyuma ya pazia kuna nini. Basi tunasema wazi: atakayetaka kumvuta mwenzake, leo siyo siku yake, na hilo linamhusu Mwislamu sawasawa na Mkristo.

La pili, sema "mimi," usiseme "sisi," isipokuwa unaeleza jambo ambalo dini yako yote inalikubali. Hili ni gumu kwa Kiswahili kuliko Kiingereza. Adabu yetu inamfanya mtu ajifiche ndani ya "sisi," na kusema "mimi naona" kunasikika kama kiburi. Kwa hiyo nawapa njia ya katikati: "kwetu nyumbani tulifundishwa kwamba..." Hiyo inakubalika, na ina faida kwamba haimsemei mtu wa nyumba nyingine.

La tatu, kila mtu ana haki ya kusema "napita," na haulizwi kwa nini.

La nne ni la Krister Stendahl, aliyekuwa askofu wa Kilutheri wa Stockholm, ambaye mwaka 1985, hekalu la Wamormoni lilipokuwa linapingwa mjini mwake, alitoa kanuni tatu: ukitaka kuijua dini ya mtu muulize mwenyewe na siyo maadui wake, usilinganishe mazuri yako na mabaya yake, na acha nafasi ya kutamani kitu kizuri ulichokiona kwa mwenzako. Hiyo ya tatu Waingereza wanaiita kwa jina lenye maana ya wivu mtakatifu. Kwa Kiswahili haiendi hata kidogo. Wivu kwetu ni wivu, na husuda ni mbaya zaidi. Lakini wanachuoni wa Kiislamu wana neno lake tayari, ghibta: kutamani neema aliyonayo mwenzako bila ya kutaka imwondokee. Ninapolitaja neno hili Wakristo huliandika daftarini na Waislamu huinua vichwa, maana wamekuta kumbe sharti la askofu lina nyumba kwao.

La tano, yanayojifunzwa yatoke, aliyeyasema abaki. Simu ndani ya kikapu mlangoni, hapana picha, hapana watsap. Karatasi za kusoma zote zinarudishwa kwangu jioni, asiondoke mtu na maandiko ya dini ya mwenzake mfukoni yakaja kumletea maneno.

Zoezi la majina

Saa tatu na robo mpaka saa nne na robo. Kila mtu anaandika majina mawili: jina ambalo watu wake huitwa na wengine na linawaudhi, na jina wanalojiita wenyewe. Halafu anamwelezea jirani yake.

Nilianza kulitumia zoezi hili nikidhani litahusu "kafiri" tu. Lakini wapi! Moto mkubwa unatoka ndani ya Waislamu wenyewe. Muibadhi anaandika "Khawarij," na kijana wa Kisunni, aliyesoma kwenye kitabu chake kwamba Ibadhi ni tawi la Khawarij na akadhani ni neno la kitaalamu tu, anashangaa. Anaelezwa kwamba Ibadhi hawajihesabu katika hao, kwamba wao wanajitenga na wale waliohalalisha damu za Waislamu wenzao, na kwamba neno hilo kwao ni tusi. Mshia anaandika "Rafidhi." Mhindu anaandika "Banyani," na hapo Wazanzibari wanalalamika: "Lakini sisi tunasema hivyo tu, hatuna ubaya!" Ni kweli hawana ubaya. Asili yake ni jina la tabaka la wafanyabiashara, na katika Unguja lilikuwa neno la kila siku. Mhindu wetu mmoja alijibu vizuri: neno lenyewe halimuudhi, kinachomuudhi ni kwamba hajawahi kuulizwa.

Mkristo wa bara naye anaandika "Mmakafiri" au hata "Mgalatia," na wakati mwingine anaandika "mbara," ambalo si jina la dini kabisa. Hapa mwendeshaji akae macho. Semina nyingi za Waswahili wa Oman huharibika katika nukta hii, na haziharibiwi na dini. Zinaharibiwa na mwaka 1964. Karibu kila Muomani wa Zanzibar aliyemo ndani ana babu au ami aliyeuawa au kufukuzwa, na karibu kila mtu wa bara amekua akifundishwa habari hiyo kwa namna nyingine. Dalili unaijua mapema: "mimi" inageuka "nyinyi," na watu wanaanza kutaja miaka. Ukisikia hivyo, usimnyamazishe mtu. Mimi nina karatasi kubwa ukutani nimeiita baraza ya nje. Naandika pale "1964" mbele ya wote, nasema jambo hili ni kubwa kuliko siku yetu na si la dini, na kwamba baada ya saa tisa anayetaka kubaki tutabaki naye. Mara nyingi wanabaki watatu au wanne, na huzungumza mpaka magharibi. Ukilificha, litarudi wakati wa kusoma maandiko likiwa limevaa kanzu.

Zoezi linafungwa na kazi moja: ubaoni tunaandika majina ambayo mwalimu ataweza kuyatumia darasani bila ya kumuumiza yeyote. Huwa ni machache kuliko walivyotegemea.

Kusoma pamoja: wageni wa Ibrahim

Baada ya chai, saa 4:40 mpaka 5:50. Njia hii ilianza miaka ya 1990 kwa wasomi wa Kiyahudi na Kikristo, kina Peter Ochs na David Ford, na Waislamu wakaingia. Al Amana nao wanaitumia hapa. Watu sita wanakaa na vipande vifupi vya maandiko juu ya jambo moja. Mwenye kitabu chake anakitambulisha kwa dakika mbili, halafu wote wanakiuliza maswali. Hapana anayelazimika kukubali. Kila mtu anabaki na imani yake, na kinachozungumzwa ni kilichoandikwa.

Ninachagua wageni wa Ibrahim: Mwanzo sura ya 18, na Qur'ani katika sura ya Hud na sura ya Dhariyat. Kwa Biblia natumia tafsiri ya Umoja ya 1952, na kwa Qur'ani naweka tafsiri mbili kando kwa kando, ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy na ya Sheikh Ali Muhsin Barwani. Wote wawili, kama mjuavyo, walizaliwa Zanzibar na wakafia huku Oman, wa kwanza 1982 na wa pili 2006. Kuwa na tafsiri mbili kuna maana yake: Wakristo wanaona kwamba Waislamu nao wanahangaika na maneno.

Sasa usianze na yanayofanana. Hilo ndilo jambo nililolijua baada ya semina nyingi. Ukiuliza "tunafanana wapi?" utapata jibu katika dakika tatu: Ibrahim alikuwa karimu, dini zetu zinapenda wageni, basi, tumemaliza, na kila mtu anatazama saa. Mimi nauliza swali moja tu: je, wageni walikula?

Watu wanarudi kwenye karatasi. Katika Mwanzo, Ibrahim amekaa mlangoni pa hema wakati wa jua kali, anawaona watu watatu, anawakimbilia, maji ya miguu, Sara anaoka mikate, ndama anachinjwa, siagi na maziwa, yeye anasimama chini ya mti, na wale wanakula. Katika Qur'ani ndama yupo, wa kuchoma katika Hud, aliyenona katika Dhariyat, lakini mikono ya wageni haikifikii chakula, na Ibrahim anaingiwa na khofu. Ndipo wanamwambia asiogope, wao ni wajumbe.

Hapa kikundi kinaamka. Kwa nini aogope kwa sababu mgeni hakula? Wafasiri wanaeleza kwamba kwa Waarabu mgeni anayekataa chakula ameficha shari. Lakini Waswahili hawahitaji mfasiri, kila mtu ana hadithi ya nyumbani kwao juu ya mtu aliyekuja akakataa hata maji. Mkristo naye anaulizwa: malaika wanakulaje? Mara nyingi hajawahi kujiuliza. Ndipo mimi, kama hapana aliyelitaja, natoa habari kwamba Mayahudi, wenye kitabu hiki cha Mwanzo kabla ya Wakristo, walijiuliza zamani, na Talmudi inasema wageni wale walionekana tu kama wanakula. Basi khitilafu haikupita ukuta ulionyooka baina ya Waislamu na wengine. Imepita katikati ya nyumba. Na kicheko cha mke wa Ibrahim pia: katika Mwanzo anacheka nyuma ya mlango baada ya kusikia atazaa uzeeni, katika Hud anacheka kwanza na bishara inafuata. Alicheka nini? Niliwahi kusikia Muibadhi na Mlutheri wakibishana upande mmoja dhidi ya Msunni na Mkatoliki juu ya kicheko hiki, na sikutaka kabisa kuwakatiza.

Kipande cha tatu ni cha Wahindu, kutoka Upanishadi ya Taittiriya, sehemu ya kwanza: hotuba ya mwalimu kwa mwanafunzi anayemaliza masomo. Mwalimu anamuusia aseme kweli, asiache kusoma, na awatukuze mama, baba, mwalimu na mgeni kama mtu anavyoutukuza uungu. Kwa wanafunzi wa ualimu kipande hiki kinagonga mlango wao. Na kina ugumu wake, usikipitie juu juu: Mwislamu atauliza vipi mtu aheshimiwe kama Mungu, na Mhindu itabidi aeleze neno "deva" kwao lina upana gani. Hapo mwendeshaji anyamaze, aache muulizaji na mjibuji wamalizane. Sharti moja tu nalilinda: anauliza ili ajue, hamtegi mwenzake.

Dakika 15 za mwisho nauliza: katika Maskati hii, nani mgeni? Hapo ndipo mtu hutoa ile methali yetu ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, watu wanacheka, halafu chumba kinanyamaza. Kwa sababu wageni wenye majembe wamo nje ya dirisha wanajenga barabara. Na kwa sababu Waomani wa Zanzibar wenyewe walifika hapa miaka ya 1970 na Kiarabu kilichovunjika, wakaitwa majina. Sijawahi kuhitaji kuongeza neno.

Sala na chakula

Adhuhuri ya Maskati kwa mwaka mzima inazunguka baina ya saa sita kasoro dakika kumi na saa sita na dakika ishirini, na alasiri wakati wa baridi inaingia mapema, karibu na saa tisa. Kwa hiyo asubuhi inakwisha 5:50 na siku nzima inakwisha 8:45, basi hapana anayetazama saa kwa wasiwasi. Anayejumuisha sala anajumuisha. Sala si zoezi la semina. Wageni wa nje hupenda kuomba "wakae nyuma watazame," na mimi nakataa kwa upole. Mtu anayesali atazamwe na Mola wake tu.

Kadi tatu za darasani

Saa 7:20 mpaka 8:25. Kila kundi linapewa kadi yenye tukio. Moja: mama wa Kiislamu anakuja juu kwa kuwa mwanawe kala peremende aliyopewa na rafiki yake siku ya Diwali, na anataka kujua kama ilikuwa imewekwa mbele ya masanamu. Ya pili: mtoto Mkristo, ambaye kisheria hasomi somo la dini ya Kiislamu, anaachwa korido kila kipindi hicho na wenzake wanamcheka. Ya tatu ni swali la Wadi Kabir. Hii ya tatu nitaieleza kwa ukamilifu.

Hatua ya kwanza mwalimu ajue ameulizwa nini. Swali la dini la mtoto huwa la aina tatu: anataka habari, anataka hukumu, au ana jeraha. "Walikuwa Waislamu wa kweli?" lina sura ya hukumu, lakini nyuma yake huenda mtoto anaogopa: je, na msikiti wetu? Kwa hiyo mwalimu anamrudishia kwanza: "Umeyasikia wapi hayo, na yamekufikirisha nini?" Asilitumie hilo kama ujanja wa kukimbia. Asubiri jibu.

Hatua ya pili, habari, fupi na ya hakika: ule ni msikiti, waliokuwemo walikuwa Waislamu wa Kishia wakiadhimisha Ashura, waliouawa waliuawa bila ya haki. Hapa wanafunzi wangu wengi hujikwaa. Wanataka kusema "dini zote ni sawa" au "haya tusiyazungumze." Jibu la kwanza mtoto anajua si kweli, kwa kuwa nyumbani anafundishwa vingine. Jibu la pili linamwambia mtoto wa safu ya pili kwamba yeye ni jambo lisilozungumzika.

Hatua ya tatu, hukumu mwalimu asiibebe. Aseme: "Kuna mambo ambayo Ibadhi, Sunni na Shia wanayaeleza mbalimbali, na utayauliza kwa wazee wako na kwa mwalimu wako wa dini. Lakini katika nchi hii wote wanaitana Waislamu na wanasali pamoja, na katika darasa langu hapana anayepima imani ya mwenzake." Sentensi ya mwisho ni sheria ya darasa, na hiyo mwalimu anayo mamlaka nayo kamili.

Hatua ya nne hufanywa baada ya kengele. Mwalimu amtafute mtoto wa safu ya pili, amuulize kwa siri kama yuko sawa. Asimgeuze mfano mbele ya wenzake kwa kumwambia "hebu tueleze Ashura." Nimeona walimu wazuri kabisa wakifanya hivyo kwa mapenzi, na mtoto akaomba kuhamishwa darasa.

Kila kundi linaigiza: mmoja mwalimu, mmoja mtoto muulizaji, mmoja mtoto wa safu ya pili ambaye hasemi kitu muda wote. Mwisho huyu ndiye anayeulizwa kwanza: ulijisikiaje katika kila sentensi? Yeye ndo anatoa maksi.

Kufunga

Dakika 20 zinabaki. Nafungua bahasha, kila mtu anachukua karatasi yenye namba yake na kuandika, nyuma ya lile swali lake la asubuhi, maneno halisi ambayo atamwambia mtoto. Yawe maneno ya kusema kwa mdomo, siyo maelezo ya nini angefanya. Sipendi zile fomu za kuuliza "umefaidika kiasi gani, moja mpaka tano," hapa kila mtu ataandika tano kwa heshima. Karatasi hizi zinanionesha zaidi. Kama nyuma pameandikwa "nitamwambia dini zote zinafundisha amani," nimeshindwa kwa mtu huyo. Kama pana maneno kama "kwetu tunaamini hivi, kwa kina fulani wanaamini vile," mambo yanakwenda. Na kama kaandika "sijui, nitamuuliza mwenzangu fulani wa dini hiyo kisha nitakujibu Jumapili," huyo kashika.

Wiki sita baadaye nawapigia simu, swali moja tu: umeulizwa? Wengi wanasema bado. Wachache wanasema ndiyo, na hao nawaomba wanisimulie neno kwa neno, kwani kadi zangu za semina inayofuata zinatoka kwao.